Kabla ya Kulikataa Shairi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa waamuzi wa shindano dogo la uandishi. Msichana mmoja alileta shairi la kumlilia mama yake. Halikuwa na vina, wala mizani haikulingana. Niliandika pembeni: "Hili si shairi." Likawekwa kando, nami sikuligusa tena.

Hoja niliyoitegemea si yangu. Mwaka 1954 Amri Abedi, katika *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika halina maana. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, hoja hiyo ilipata kazi ya kufanya, na wanamapokeo wakaiongezea sababu nyingine. Nilikuwa nikiirudia kama kasuku. Hivi karibuni nimeichora kwenye karatasi ili nione kilichoishikilia.

Kwanza nilizipa sababu namba:

1. Shairi la Kiswahili ni wimbo.
2. Utungo usio na vina na mizani hauimbiki.
3. Tungo kongwe, kama *Utendi wa Tambuka* na *Al-Inkishafi*, zina vina na mizani.
4. Vina na mizani humsaidia mtu kukariri.
5. Kwa hiyo, utungo usio na vina na mizani si shairi la Kiswahili.

Kisha nikauliza: je, kila sababu inafika kwenye hitimisho kwa miguu yake? Jaribio ni rahisi. Funika moja kwa kidole, uone iliyobaki kama bado inasema kitu. Nikiifunika ya 2, ya 1 inabaki ikisema tu kwamba shairi ni wimbo, haigusi vina. Nikiifunika ya 1, ya 2 inazungumzia kuimba, si ushairi. Hizi mbili zimefungamana kama mafiga: ukiondoa moja, chungu kinamwagika. Ya 3 na ya 4 haziko hivyo. Kila moja inakuja kwa njia yake, na ukiifuta moja, nyingine haitikisiki.

```
1 + 2 ---> 5
3 -------> 5
4 -------> 5
```

Mchoro huo hausemi nani ana haki. Unaonyesha mahali pa kupima. Na kila mshale una maswali mawili: je, sababu ni ya kweli? Na ikiwa ya kweli, inabeba hitimisho kwa kiasi gani?

Tuanze na mafiga. Sababu ya 1 na ya 2 zikiwa kweli zote, hitimisho halikwepeki. Hakuna mshale mwingine wenye nguvu hiyo. Lakini ya 2 si kweli. Ziko nyimbo za kubembeleza watoto, za kutwanga na za ngoma ambazo huimbwa bila urari wa vina. Mtetezi anaweza kuirekebisha: "Utungo usio na mapigo hauimbiki." Sasa ni kauli inayokubalika zaidi, ila haifiki tena kwenye 5, maana utungo huru unaweza kuwa na mapigo yake. Alichopata kwenye ukweli amekipoteza kwenye nguvu ya kubeba. Na kwa kuwa mafiga hupimwa pamoja, ya 1 haiokoi kitu.

Ya 3 ni ya kweli, na haikuanguka pamoja na mafiga. Hapa ndipo watetezi wa ushairi huru hukosea: wakishaivunja ya 2, hudhani mchezo umekwisha. Lakini ya 3 inabeba kiasi tu. Inaonyesha mazoea marefu ya washairi, na mazoea hayo yanatupa sababu ya kutarajia vina. Kutoka "ndivyo walivyotunga" hadi "ndivyo ilivyo lazima kutunga" kuna pengo ambalo ya 3 peke yake haivuki. Ya 4 nayo ni ya kweli, lakini ni dhaifu zaidi: inaeleza faida ya vina, haielezi shairi ni nini. Chumvi hufaa mchuzi, lakini mchuzi usio na chumvi bado ni mchuzi.

Zikijumlishwa, ya 3 na ya 4 zinaweza kuunga mkono kauli ndogo zaidi: kwamba anayeacha vina anaacha urithi mkubwa na msaada wa kumbukumbu, na tuna haki ya kumuuliza ameweka nini badala yake. Hilo ni swali la haki. Mimi sikumuuliza yule msichana. Nilimpa hukumu ambayo mafiga pekee yangeweza kuibeba, na figa moja lilikuwa la udongo mbichi.

Kuanguka kwa hoja yangu hakuthibitishi kwamba shairi lake lilikuwa zuri. Pengine lilikuwa baya. Siwezi kujua tena, kwa sababu nilisoma miisho ya mistari tu, nikaacha mistari yenyewe.