Uso au Kichwa? Uhakiki wa Mbinu Mbili za Kuficha Shahidi katika Video, kwa Mtazamo wa Juba

Katika mijadala ya Kiswahili kuhusu video zilizogeuzwa kwa akili unde, kauli moja, "kubadilisha sura", hutumika kwa mambo mawili yaliyo tofauti. Kwa kuwa sura ni uso na pia ni mwonekano mzima wa mtu, mtunga sera anayeambiwa kwamba sura ya shahidi imebadilishwa hawezi kujua ni kipi kimeondolewa na kipi kimebaki. Makala haya yanatumia istilahi mbili, ubadilishaji uso na ubadilishaji kichwa, na kuzihakiki kwa swali moja: utambulisho wa mtu umekaa sehemu gani?

Katika ubadilishaji uso, programu huondoa macho, pua, mashavu na mdomo wa msemaji na kuweka vya mtu mwingine, huku miendo ya msemaji ikifuatwa. Nywele, masikio, umbo la kichwa na shingo hubaki vyake. Mshono wa picha hupita juu ya ngozi, mahali ambapo rangi zikilingana ni vigumu kuuona. Katika ubadilishaji kichwa, vyote hivyo huondoka na mshono hushuka shingoni. Tena, pale kichwa kipya kinapokuwa kidogo kuliko cha awali, sehemu ya mandhari iliyofichwa nyuma yake huwa wazi na lazima ichorwe upya. Kwa hiyo mbinu hii ina mahali pengi zaidi pa kukosea.

Mfano unaosifiwa sana wa ubadilishaji uso ni filamu ya David France, Welcome to Chechnya, ya mwaka 2020, kuhusu wapenzi wa jinsia moja waliokuwa wakikimbia mateso. Nyuso za watu waliojitolea ziliwekwa juu ya nyuso za wahusika, na ukungu mwepesi ukaachwa ili mtazamaji atambue kilichofanyika. Matokeo yalikuwa bora kuliko kivuli cheusi cha kawaida, kwa sababu hofu na machozi ya wahusika viliendelea kuonekana. Hata hivyo, mafanikio hayo yalitegemea jambo moja: paji la uso na kichwa cha mhusika havikubeba alama inayomtaja.

Juba sharti hilo halitimii daima. Uchunguzi wa Umoja wa Afrika ulioongozwa na Olusegun Obasanjo ulithibitisha kwamba Desemba 2013 raia Wanuer waliuawa mjini humo kwa sababu ya kabila lao. Tuchukulie kwamba shahidi wa matukio hayo ni mwanamume wa makamo mwenye gaar, chale sita za Kinuer zinazovuka paji la uso kutoka sikio hadi sikio. Programu ya DeepFaceLab humtaka mtumiaji achague eneo la kubadilishwa. Akichagua `f`, eneo hilo halifiki juu ya paji, na chale nyingi hubaki kama zilivyo. Akichagua `wf`, paji hufunikwa, lakini ncha za chale zaweza kubaki kwenye panda za uso, na hujitokeza shahidi anapogeuka upande. Pua na macho ni vya mtu mwingine, ilhali kabila limebaki wazi.

Hapa `head` ndiyo yenye matokeo bora, licha ya ugumu wake. Nywele fupi zisizopepea huirahisisha, na mtoa kichwa asiye na chale huondoa alama yote. Shahidi mwenye nywele ndefu za kusuka ni kesi nyingine: kingo za nywele hucheza kutoka picha moja hadi nyingine. Mkaguzi aisogeze video picha moja moja, akitazama mambo matatu: rangi ya shingo chini ya kidevu, mandhari yanayozunguka nywele, na panda za uso wakati kichwa kinapogeuka. Kasoro katika mawili ya kwanza huharibu uzuri wa picha. Kasoro katika la tatu humweka shahidi hatarini.

Ifuatayo ndiyo hoja yetu dhidi ya wanaopima mbinu hizi kwa uhalisi wa picha pekee. Ubadilishaji uso unafaa pale utambulisho unapokaa machoni na mdomoni, na hisia zinapohitaji kuhifadhiwa kikamilifu. Ubadilishaji kichwa unafaa pale paji, masikio, nywele au umbo la kichwa vinapomtaja mtu, hata kama mshono utaonekana kidogo. Wala mojawapo haigusi lafudhi: shahidi aliyefichwa kichwa kizima bado hutambulika akitamka sentensi mbili. Mwongozo wowote wa kulinda mashahidi utaje basi ni mbinu ipi iliyotumika, mshono ulipita wapi, na sauti ilishughulikiwa vipi.