Nafasi ya 24 Haikuwa Kushuka

Wazazi mliokuwa kwenye kikao cha shule moja ya sekondari pale Mlabani mliziona ripoti za muhula. Usahihishaji ulikuwa safi na alama ziliingizwa bila kosa. Kilichoharibu ni neno moja kwenye safu ya mwisho: "Ameshuka."

Mchukueni binti wa mkondo A. Machi alikuwa wa 10 kati ya 40. Juni mikondo mitatu ikaunganishwa, akawa wa 24 kati ya 120. Mwandaaji wa ripoti akaweka 10 na 24 bega kwa bega, akahukumu. Kosa hilo halina utetezi. Nafasi huhesabu waliokutangulia tu. Idadi ya uliowaacha nyuma haimo ndani yake.

Pasentaili ndiyo inayoibeba. Panga alama zote kuanzia ya chini, hesabu waliopata pungufu yake, ongeza nusu ya waliolingana naye, yeye mwenyewe akiwemo, gawanya kwa wote waliofanya mtihani, zidisha kwa 100. Machi alikuwa peke yake kwenye alama yake na 30 walikuwa chini: 30.5 kwa 40, yaani 76. Juni wanne walipata 61 na wote wakaandikiwa nafasi ya 24, anayefuata akawa wa 28. Chini yao walibaki 93. Ongeza 2, gawanya kwa 120: ni 79. Kumbukeni pia kuwa 79 si alama zake. Alama zake ni 61.

Kuna waliochukua 120, wakatoa 24, wakagawanya kwa 120, wakapata 80. Hiyo ni njia ya mkato isiyojua kwamba wanne wamelingana. Wakilingana ishirini, itapotosha vibaya. Walimu wa hesabu wa zamani, waliojaza jedwali la marudio limbikizi kwa mkono kwenye karatasi ya manila, wasingeikubali: mbele ya kila alama walitaka kuona ni wangapi wameipata.

Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora. Nimesema tangu wakati huo, na narudia: shuleni kwetu namba ya nafasi bado inasomwa kama kipimo cha uwezo. Darasa likipungua watoto wakienda kuamia ndege mashambani mwa mpunga, nafasi hupanda bila mtu kujifunza lolote.

Hata hivyo, 76 na 79 nazo zisilinganishwe haraka. Ya kwanza ilipimwa ndani ya mkondo A peke yake, na kama A ni mkondo wa waliochujwa, 76 ya humo ni nzito zaidi. Mtihani wa Machi ulikuwa mmoja kwa mikondo yote, kwa hiyo alama 120 za Machi zilipaswa kupangwa upya pamoja. Zikipangwa, binti ana 89 chini yake na hakuna aliyelingana naye: pasentaili 75. Kutoka 75 hadi 79 amepanda, na karatasi za kuonyesha hivyo zilikuwamo kabatini siku ripoti zinaandikwa.