Shairi la mti limesahau kimya

Kama umewahi kusoma kozi ya mitandao, lazima umekutana na shairi la Radia Perlman linaloitwa Algorhyme. Ni la mistari 12, na lilitoka mwaka 1985 ndani ya makala yake ya kitaalamu wakati akifanya kazi Digital Equipment Corporation. Walimu wengi hulitumia kufundishia STP, ile itifaki inayozuia mizunguko kwenye mtandao wa swichi. Mimi mwenyewe nimelitumia. Ila tangu mwaka jana, baada ya kushinda siku nzima nimechuchumaa chini ya meza kwenye chuo kimoja cha hapa Dutwa, naona lina pengo kubwa, na pengo hilo limo hata kwenye itifaki yenyewe.

Tuanze na sifa zake, maana si haki kulivunja tu. Kwa mistari michache linakupa hatua zote kwa mpangilio: swichi zinachagua mzizi kwa kuangalia namba ya utambulisho, kila moja inatafuta njia nafuu ya kufika kwenye mzizi, na njia hizo zinawekwa kwenye mti. Mwisho linatania kwamba watu ndio huunganisha nyaya ovyo ovyo, kisha vifaa vinatafuta mti humo ndani. Hicho kipande cha mwisho ndo ukweli wa kila ofisi ninayoijua.

Lakini jiulize: swichi inajuaje kwamba mti umepatikana? Shairi halisemi. Jibu ni kwamba haijui. Inasubiri, na isiposikia kitu inachukulia kuwa hakuna hatari.

Sasa twende kwenye meza yenyewe. Chumba cha walimu kina soketi mbili za ukutani, zote zinakwenda kwenye swichi kubwa ya maabara, porti ya 5 na ya 9. Kwenye soketi moja kulikuwa na kiswichi cha bei rahisi cha porti nane, kile cha plastiki kisicho na mpangilio wowote wa kuingiza. Waya wa soketi ya pili ulikuwa umelala sakafuni. Mtu akaona waya unaning'inia, akauchomeka kwenye kile kiswichi. Nani asingefanya hivyo?

Mara ya kwanza hakuna kilichotokea. STP ya zamani hukaa sekunde 15 ikisikiliza na sekunde 15 nyingine ikijifunza anwani kabla ya kufungua porti. Kwa hiyo aliyechomeka waya alishatoka kwenda kunywa chai mtandao ulipokufa. Fundi alipouliza, "Mwalimu, kuna mtu amegusa waya humu?" akajibiwa kwa uaminifu kabisa kwamba hapana, maana waya uliguswa na mtandao ukabaki mzima.

Katika hizo sekunde 30, swichi kubwa ilikuwa inatuma ujumbe mdogo wa BPDU kila sekunde 2 kupitia porti zote mbili. Ujumbe wa porti ya 5 ungezunguka na kurudi kupitia ya 9, ingejua imejifunga yenyewe na ingefunga porti moja. Tatizo, BPDU hutumwa kwenye anwani maalum, `01:80:C2:00:00:00`, na kanuni inasema swichi isipitishe fremu za anwani hiyo. Viswichi vingine vya bei rahisi huzipitisha kama takataka nyingine yoyote, na hapo unaokoka kwa bahati. Hiki kilitii kanuni: kilimeza kila BPDU, na chenyewe hakina STP ya kujibu. Swichi kubwa ikasikia kimya pande zote mbili, ikafungua zote mbili.

Kuanzia hapo ni kazi ya jedwali la MAC. Swichi hujifunza kwa njia rahisi: fremu ikiingia, inasoma anwani ya mtumaji na kuandika ameonekana porti gani. Kompyuta ya mhasibu iko porti ya 2. Inatuma tangazo la kawaida la kutafuta printa, swichi inaandika "mhasibu, porti 2" na kulimwaga tangazo porti zote, pamoja na 5 na 9. Nakala inayotoka 5 inapita kwenye kiswichi na kurudi kupitia 9. Swichi inaamini habari ya mwisho, kwa hiyo inafuta na kuandika "mhasibu, porti 9". Nakala nyingine inaingia kwa 5, inaandika "porti 5". Jibu la printa likija, linatupwa chumba cha walimu wakati mhasibu yuko upande mwingine wa jengo.

Na nakala zile hazifi. Fremu ya Itheneti haina hesabu ya hatua kama pakiti ya IP, hivyo hakuna wa kuiambia imechoka. Kila tangazo jipya linajiunga na mzunguko hadi waya ujae. Kwenye waya wa megabiti 100, fremu ndogo zinaweza kufika kama 148,800 kwa sekunde, na kila kompyuta ya chuo inapewa nakala yake. Taa za swichi zote zikawa zinawaka kwa pamoja, haraka mno. Watu walilalamika kuwa kampuni ya intaneti imekata huduma. Dalili ya kweli ilikuwa kwenye kumbukumbu za swichi (namba ya anwani nimebadilisha):

```
%SW_MATM-4-MACFLAP_NOTIF: Host 0011.2233.4455 in vlan 1 is flapping between port Gi0/5 and port Gi0/9
```

Ukiona mstari huu, acha kupiga simu kwa kampuni ya intaneti. Fuata hizo porti mbili.

Utasema hiki ni kisa cha kijijini. Novemba 2002 hospitali ya Beth Israel Deaconess kule Boston ilirudi kwenye karatasi kwa siku kadhaa, na STP ilikuwa katikati ya tatizo: mnyororo wa swichi ulikuwa umerefuka kupita zile saba ambazo muda wa kawaida wa itifaki umepigiwa hesabu. Ukizidi hapo, taarifa zinaweza kuzeeka kabla hazijafika, na porti iliyotakiwa kubaki imefungwa haisikii kitu. Kimya tena.

Toleo la haraka la mwaka 2001 linaharakisha kwa kuzifanya swichi jirani ziulizane na kujibizana. Ila jirani asipojibu kabisa, linarudi kwenye kusubiri muda uishe. Hata kinga ya BPDU guard, ambayo kila mtu huipendekeza, isingesaidia chumba kile, kwa sababu inaamka inaposikia BPDU. Kilichosaidia ni kuacha kusikiliza na kupima mafuriko yenyewe:

```
interface range Gi0/1 - 22
 storm-control broadcast level 1.00
 storm-control action shutdown
```

Matangazo yakizidi asilimia 1 ya uwezo wa porti, porti inazimwa. Ni kinga butu, na kuna siku itazima porti isiyo na kosa, lakini haihitaji kiswichi cha plastiki kiwe na adabu.

Perlman mwenyewe hana mapenzi ya kupofusha kwa kazi hii. Amesema mara nyingi kwamba ilikuwa suluhisho la muda, kwa vile watu walijenga programu moja kwa moja juu ya Itheneti bila tabaka la kuongoza pakiti, na baadaye akabuni TRILL ambayo fremu zake zina hesabu ya hatua. Ndiyo maana silaumu sana mwandishi. Nawalaumu wanaolifundisha shairi na kuishia pale mti unapopatikana.

Ule waya wa porti ya 9, kwa taarifa yako, bado umelala sakafuni. Tumeufunga gundi ya karatasi na kuandika "USICHOMEKE".