Herufi za Ukutani

Mchoraji wa mabango akitaka duka lionekane kutoka ng'ambo ya barabara, haandiki herufi kama zilivyo kitabuni. Kilele cha A hukifanya bapa, ikakaribia kuwa R. U huichonga chini ikafanana na V. Kisha huzitia kivuli, na hapo ndipo wengi hukwama, maana kivuli kinaweza kuiongezea P mguu ikadhaniwa R, au kuitandikia F mstari chini ikadhaniwa E.

Naipenda sana kazi hii ya mkono, na kwangu mimi anayejua kuisoma ni fundi sawa na aliyeichora. Fundi huyo huanza kwa kukiondoa kivuli. Mchoraji makini huchagua upande mmoja, tuseme kulia na chini, akaufuata ubao mzima. Basi tafuta herufi usiyoitilia shaka, kama I au T, uone kivuli chake kimeangukia wapi. Mguu unaotokea upande huohuo, kwa rangi ya kivuli, haumo katika herufi.

Sasa tuseme kivuli kimeondoka, na juu ya mlango wa duka jicho linasoma MRFVTR. Kiswahili hakina neno la namna hiyo, lakini sura yake ya maneno inatufungulia njia. Maneno yetu huishia kwa irabu, kwa hiyo ile R ya mwisho lazima iwe irabu iliyojificha. Umbo lilelile limekaa pia baada ya M, nalo ni irabu vilevile. V nayo imebanwa kati ya F na T, mahali panapodai irabu, na irabu inayofanana na V ni U peke yake. Imebaki ile yenye kichwa bapa na miguu miwili: haiwezi kuwa E, I wala O. Ni A. Duka linauza MAFUTA.

Hatua ninayoithamini kuliko zote ni ile ya kulinganisha umbo na umbo, kwa sababu inafaa hata pale kanuni ya irabu inapogoma. Inagoma katika maneno kama labda na daktari, na inagoma zaidi katika majina ya watu: Salim, Hassan. Hapo bidhaa zilizoorodheshwa ukutani ndizo ufunguo, kwa kuwa A ya MAFUTA ndiyo A ya HASSAN, mkono ni mmoja. Angalia tu usipotoshwe na upana: mchoraji aliyeishiwa nafasi huzibana herufi za mwisho, lakini mikunjo na pembe zake hubaki zilezile.

Kwa hiyo ukikwama mbele ya ukuta, anza na jina la bidhaa, tena kwa herufi yake ya mwisho. Jina la mwenye duka liache hadi mwisho.