Ndiyo ya Babu: Swali, Jibu na Uaminifu wa Nukuu katika Masimulizi ya Uyeyushaji wa Chuma Ufipa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dhana kwamba nukuu huwa aminifu pale tu maneno ya msailiwa yanapoandikwa kama yalivyotamkwa. Kwa kutumia masimulizi ya uyeyushaji wa chuma katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, makala yanaonesha kuwa nukuu isiyobadilishwa hata neno moja inaweza kumsemea msailiwa kinyume cha alichokusudia. Chanzo cha tatizo hilo mara nyingi ni umbo la swali, nafsi ya kitenzi na ufutaji wa vielekezi vya chanzo cha habari.

1.0 Utangulizi

Uyeyushaji wa chuma wa Wafipa umeandikwa tangu enzi za ukoloni. Greig (1937) na Wise (1958) walieleza matanuri na miiko yake. Baadaye Mapunda (1995) na Barndon (2004) waliunganisha ushahidi wa kiakiolojia na masimulizi ya wazee. Kazi hiyo ilikuwa na hatua mbili. Kwanza mawe ya chuma yaliyeyushwa katika ilungu (wingi: malungu), tanuri refu kuliko mtu, lililovuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Kisha chuma kilichopatikana kilisafishwa katika kintengwe, tanuri dogo lililopulizwa kwa mivukuto. Tofauti hii ya hewa ndiyo inayoutambulisha utaalamu wa malungu, na mtafiti akiikosea amekosea jambo la msingi.

Uyeyushaji huo ulififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Kwa hiyo, mtafiti anayefika leo Sumbawanga au Nkasi hukutana zaidi na watu waliosikia habari hizi kuliko walioitenda kazi yenyewe. Hali hii inayatwika maswali yake, na hatimaye nukuu zake, mzigo mkubwa.

2.0 Swali Kanushi na Jibu “Ndiyo”

Ili kuliweka tatizo wazi, uchukuliwe mfano ufuatao, uliotungwa kwa ajili ya hoja hii:

Msaili: Babu, kwenye ilungu hamkutumia mivukuto?
Msailiwa: Ndiyo, mjukuu wangu. Mivukuto ni ya kule kwenye kintengwe. Ilungu, wazee walisema, linavuta lenyewe. Tulikuwa tunalijenga pale penye kichuguu, udongo wake ndio mzuri.

Katika Kiswahili, “ndiyo” huthibitisha kauli iliyotangulia, hata kama kauli hiyo ni kanushi. Babu anasema: ni kweli, hatukutumia. Sasa mtafiti anaandika ripoti. Kwa kuwa swali kanushi halipendezi katika maelezo ya mwandishi, analigeuza: “Alipoulizwa iwapo mivukuto ilitumika katika ilungu, mzee huyo alijibu, ‘Ndiyo, mjukuu wangu.’” Hakuna neno la babu lililobadilishwa. Alama za kunukuu zimewekwa mahali pake, na unukuzi ukilinganishwa na sauti iliyorekodiwa utaonekana sahihi. Hata hivyo, nukuu ni ya uongo, maana kilichobadilishwa ni swali.

Tatizo linaongezeka kwa sababu wasemaji hawafanani. Msailiwa aliyesoma shule ya miaka mingi anaweza kulijibu swali hilohilo kwa “hapana”, akikusudia maana ileile ya babu. Aidha, mbele ya mgeni, “ndiyo” inaweza kuwa ishara ya heshima tu: nakusikia, endelea. Majibu kumi yakihesabiwa kwa “ndiyo” na “hapana” zake, hesabu itakayopatikana haitaeleza chochote kuhusu mivukuto.

Dawa yake iko katika maandalizi. Mwongozo wa usaili upitiwe na kila swali linaloweza kujibiwa kwa neno moja liandikwe upya. “Hamkutumia mivukuto?” liwe “Hewa ilikuwa inaingiaje katika ilungu?” Swali hili linadai kitenzi kamili, na kitenzi hubeba ukanushi wake chenyewe. Iwapo swali kanushi limekwisha kuponyoka, msaili aombe papo hapo jibu lirudiwe kwa sentensi nzima. Kama hilo halikufanyika, swali linakiliwe pamoja na jibu katika maandishi ya mwisho.

Maandalizi yahusu pia asili ya swali. Maandishi kuhusu Ufipa yameeleza jinsi ilungu lilivyofananishwa na bibi harusi. Mtafiti akiuliza, “Kwa nini ilungu lilionekana kama bibi harusi?” atapata jibu, lakini sitiari hiyo ameileta yeye kutoka maktabani. Ni heri aanzie kwenye magofu ya malungu na marundo ya mavi ya chuma, aulize kila kitu kinaitwaje na kilifanyiwa nini, kisha asubiri. Sitiari ikijitokeza yenyewe ni ushahidi. Ikiombwa ni mwangwi.

3.0 Nafsi, Njeo na “Wazee Walisema”

Babu wa mfano huu anasema “tulikuwa tunalijenga”. Kama alizaliwa mwaka 1945, kiambishi tu- hakiwezi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa ushahidi wa mtendaji. Hiyo ni “sisi” ya ukoo au ya Wafipa, wakiwamo waliokwisha kufa. Mwandishi anayemtambulisha kama “mmoja wa wayeyushaji wa mwisho” ameitwaa sarufi ya ukoo akaifanya wasifu wa mtu mmoja. Swali la ufuatiliaji lingetosha: “Wewe mwenyewe, babu, siku hiyo ulikuwa unafanya nini?”

Njeo nayo haibadilishwi bila gharama. “Tulikuwa tunalijenga” hueleza desturi iliyokoma. “Tulilijenga” huelekea kuifanya tukio moja. “Hujengwa” humfanya msomaji adhani kazi ingali hai. Wahariri hupenda maumbo mafupi, lakini hapa ufupi unahamisha wakati.

Maneno yanayofutwa upesi zaidi ni “wazee walisema”, kwa kudhaniwa kuwa ni kijazio. Kumbe hayo ndiyo mpaka kati ya alichokiona msailiwa na alichokipokea. Yakifutwa, nukuu inapata nguvu ambayo msemaji hakuidai.

4.0 Kuunda Nukuu

Kutokana na jibu lililotangulia, nukuu inayokubalika ni hii: Kuhusu namna hewa ilivyoingia, msailiwa alithibitisha kuwa mivukuto haikutumika, akaongeza: “Mivukuto ni ya kule kwenye kintengwe. Ilungu, wazee walisema, linavuta lenyewe.” Neno “ndiyo” limeachwa nje kwa makusudi, na maana yake imebebwa na maelezo ya mwandishi. Kwa kipimo cha neno kwa neno nukuu hii imepungua. Kwa kipimo cha maana ni aminifu kuliko ile ya kwanza.

Kukohoa, maneno yaliyokatika na marudio yasiyo ya msisitizo yanaweza kuondolewa, mradi pengo lionekane kwa alama. Istilahi za Kifipa zibaki, na ufafanuzi wake ukae nje ya alama za kunukuu. “Linavuta lenyewe” isigeuzwe kuwa “hutumia mkondo wa asili wa hewa”, kwa kuwa hayo ni maneno ya mtaalamu aliyevishwa kinywa cha babu.

Kumsomea msailiwa nukuu yake husaidia, ila kuna mipaka. Anaweza kurekebisha kosa la mwandishi, na pia anaweza kubadili kauli baada ya kuzungumza na wenzake. Kauli hiyo mpya iandikwe kwa tarehe yake, kando ya ile ya kwanza, bila kuifuta.

5.0 Hitimisho

Nukuu ya usaili ina wasemaji wawili, ingawa alama za kunukuu huonesha mmoja. Kwa hiyo, mhakiki wa tasnifu iliyojengwa juu ya masimulizi anapaswa kudai mambo mawili: mwongozo wa usaili uambatishwe kama ulivyoulizwa, na unukuzi uoneshe kila swali lililozaa jibu lililonukuliwa. Bila hayo, hakuna awezaye kujua “ndiyo” ya babu ilikuwa ya ndiyo au ya la.