Wakati Ndani ya Ibara ya 31: Kusoma Hukumu ya Ongwen

Vijana waliochukuliwa kwa nguvu na SLDF huko Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008 hawakusimama mbele ya jaji wa kimataifa. Sisi wa Naitiri tukitaka kujua sheria ya kimataifa ingewapimaje, inatubidi tusome hukumu ya mtu wa ng'ambo ya mpaka: Dominic Ongwen wa Uganda, aliyetekwa na LRA akienda shule, akiwa na miaka tisa hivi, kisha akapanda hadi kuwa kamanda wa brigedi ya Sinia.

Kujitetea kwamba "niliamriwa" ni mlango mwembamba. Ibara ya 33 ya Mkataba wa Roma inadai masharti matatu yatimie kwa pamoja, kisha inaufunga kabisa pale jinai inapokuwa dhidi ya ubinadamu. Kilichobaki ni kulazimishwa kwa vitisho, Ibara ya 31, na hapo mpangilio wa maneno ndio unaoamua kesi.

Sentensi ya ibara hiyo inataja madhara mawili na kuyapa wakati tofauti. Kifo lazima kiwe karibu kutokea. Madhara makubwa ya mwili yanaweza kuwa karibu au yawe yanaendelea. Neno "yanayoendelea" halikuwekwa upande wa kifo. Mawakili wa Ongwen walieleza maisha yote chini ya kivuli cha Kony, kiongozi wa LRA. Majaji, tarehe 4 Februari 2021, walijibu kwamba hatari ya jumla, au uwezekano mkubwa tu wa kudhurika siku moja, hautoshi. Wakauliza juu ya wakati wa kila tendo, katika mashambulizi ya Pajule, Odek, Lukodi na Abok. Wakamwona kamanda aliyejiamulia mambo, aliyewahi kubishana na Kony mwenyewe, katika jeshi ambalo wengi walilitoroka. Akatiwa hatiani kwa makosa 61.

Naona walisoma sawasawa. Kitisho kisicho na wakati kingesamehe miaka yote ya ukamanda. Lakini tazama umbo la kesi lilivyomgawa mtu: mtoto aliyetekwa hakupata nafasi katika swali la hatia, akasubiri hadi adhabu ya tarehe 6 Mei 2021. Huko utoto wake ukahesabiwa, akapewa miaka 25. Sentensi ya Ibara ya 31 inapima dakika ya tendo. Haina mahali pa kuuliza jinsi uwezo wa kukataa ulivyovunjwa miaka kumi na mitano na zaidi kabla. Hapo ndipo inaponiuma.

Kwa hiyo anayemtetea kijana aliyelazimishwa asianze na hadithi ya kutekwa peke yake. Aonyeshe siku ile nani alisimama nyuma yake na silaha, waliokataa walifanywa nini, na kama njia ya kutoroka ilikuwapo usiku huo.