"Nita-" kumi na moja kwenye ukurasa mmoja

Karatasi ya hotuba ilichanwa kutoka daftari la shule, la mistari, na upande wa nyuma kulikuwa na hesabu za mtoto za kugawanya. Mama mmoja alinikabidhi jioni ya Alhamisi, tarehe 21 Novemba 2024, siku ya pili ya kampeni za serikali za mitaa. Aligombea kwa mara ya kwanza ujumbe wa halmashauri ya kijiji, kwenye nafasi za wanawake, na kesho yake alasiri angepewa dakika chache za kujitambulisha baada ya mgombea uenyekiti kumaliza kuhutubia. Alikuja kwangu kwa kuwa niliwahi kuwa mtendaji wa kijiji, na mtendaji ndiye katibu wa halmashauri: nimeandika mihtasari mingi kuliko ninayotaka kuikumbuka.

Nilihesabu "nita-" kumi na moja. Nitaleta maji. Nitajenga zahanati. Nitawapa vijana ardhi. Nitafuta michango. Nikamwuliza, "Mwanangu, haya yote utayafanya ukiwa umekaa kiti gani?"

Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25: mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji, na wajumbe wengine wa kuchaguliwa kama anavyotaka kuwa yeye. Mjumbe mmoja ana kura moja. Hana ofisi, hasaini hati ya malipo, hamwamrishi mtendaji, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya. Maji yako kwa RUWASA na chombo cha watumia maji. Zahanati inapita kwenye mpango wa kijiji, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha wilayani. Halafu kuna kalenda, ambayo wagombea wapya karibu wote huisahau: mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayeingia mwishoni mwa Novemba anakuta bajeti imeshaanza kutumika, na jambo jipya atakaloliombea fedha litasubiri Julai inayofuata, likibahatika.

Kwa hiyo tukaanza kufuta. Njia niliyompa ni ya Kiswahili kabisa, haina siri. Kila penye "nita-" ajaribu kuweka "nitauliza", "nitapeleka" au "nitakuja kuwasomea", aone kama sentensi bado inasimama. "Nitaleta maji" ilianguka. "Nitapeleka kwenye kikao swali la bomba la kitongoji cha juu" ilisimama, ingawa haikuwa tamu mdomoni. Usiku huo alibaki na ahadi chache, na moja nilimruhusu kwa shingo upande. Nitaieleza, maana ndiyo iliyomtia matatani.

Ijumaa, chini ya mwembe, alianza kwa kuwasalimu wazee, akaitikiwa marahaba, kisha akajitambulisha kwa kazi. Hakusema yeye ni mchapakazi. Alisema, "Mimi ndiye nawauzieni vitumbua pale bodaboda zinapopaki. Na miaka mitatu sasa ni mweka hazina wa kikoba chetu." Akaeleza sanduku la kikoba lilivyo, ingawa nusu ya waliokuwepo walilijua: kufuli tatu, funguo kwa wanachama watatu tofauti, na halifunguliwi mpaka wanachama wawe wamekaa. Fedha zinahesabiwa kwa sauti na kila mtu anajua zimeingia ngapi.

Mgombea mpya hana rekodi ya uongozi, na wengi hujaza pengo hilo kwa sifa. Yeye alilijaza kwa kitu ambacho msikilizaji anaweza kwenda kukihakiki kesho yake kwa mwanachama yeyote wa kikoba. Tena kitu hicho kilibeba mpango wake wote, kwa sababu sentensi iliyofuata ilikuwa hii: "Sasa nauliza, sanduku la kijiji linafunguliwa lini mbele yetu?"

Kisheria jibu lipo. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliofikisha miaka 18, unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu, na hapo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Nakala hubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nimeona mbao nyingi za matangazo ambazo karatasi mpya kuliko zote ni ya chanjo ya mbuzi. Mipango yake ikawa hiyo miwili: mkutano wa robo mwaka uitishwe, na taarifa isomwe kwa tarakimu, si kwa maneno kama "fedha zimetumika vizuri".

Hapo akafanya hesabu hadharani, na hapa ndipo ningependa wagombea wengine wamtazame kwa karibu. Alisema: "Mwaka jana tulichanga shilingi 5,000 kila kaya kwa choo cha shule. Kwenye orodha ya mabalozi tulikuwa kaya 212 zilizotoa. 5,000 mara 212 ni 1,060,000. Choo kina matundu mawili, hakina mlango. Mimi sisemi imeliwa. Nasema sijaona ilipoandikwa."

Uwanja ulinyamaza. Sentensi mbili za mwisho tulizipima sana usiku ule. Angesema imeliwa, angekuwa amemshtaki mtu aliyekuwa amekaa mita chache tu kutoka pale, bila ushahidi, na mazungumzo yote ya wiki yangegeuka kuwa ya heshima ya mtu huyo. Tena huenda fedha zilinunua saruji, na stakabadhi ipo ndani ya faili ambalo hakuna aliyeomba kuliona. Kusema hajaona ilipoandikwa ni ukweli wake mwenyewe, hakuna wa kuubisha isipokuwa kwa kuleta karatasi, na karatasi ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Ukitaka kujua kama mgombea anahoji au anashambulia, angalia kama swali lake linaweza kujibiwa kwa hati. Lisipoweza, hilo ni tusi lililovaa kanzu.

Kisha akakaribisha maswali. Mikutano ya kampeni kijijini haina desturi hiyo. Kuna ngoma, kuna hotuba, watu hutawanyika. Alikuwa na daftari la kaunta, akatamka kwamba kila swali ataliandika pamoja na kitongoji cha muulizaji, asilolijua atalirudia Jumatatu asubuhi pale bombani. Kutaja siku na mahali kulisaidia kuliko ile kauli iliyozoeleka ya "milango yangu iko wazi", maana mlango wa nani hasa, na mume wake yuko ndani?

Swali la kwanza lilikuwa la mama mmoja, kwa kicheko: "Mwenzetu, mbona umekuja mikono mitupu? Hata sabuni?" Akajibu kwamba akigawa sabuni leo itabidi airudishe kutoka mahali fulani, na mahali penyewe ni pale kwenye 1,060,000. Watu wakacheka, likapita. La pili lilikuwa la kijana, kuhusu maji. Alijibu kwamba halmashauri ya kijiji haiwashi pampu, ila inaweza kumwita anayeiwasha aje aeleze. Kijana hakuridhika, na haki yake. Jibu lilikuwa sahihi lakini halikumpa tone.

La tatu ndilo lililouma. Ile ahadi niliyoiruhusu ilikuwa ya ardhi: "Vijana watapata mashamba kwenye eneo la kijiji lililolala." Niliiona ni laini kwa sababu haikuwa na "nita-". Mzee mmoja, aliyekuwa kwenye baraza la ardhi la kijiji zamani, akasimama na fimbo yake. "Binti yangu, watapata kutoka kwa nani?" Akajibu, kutoka halmashauri. Mzee akatikisa kichwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inasema kwenye kifungu cha 8 kwamba halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu kwanza. Halmashauri ni msimamizi tu, kama mjomba anayemtunzia yatima shamba. "Unaahidi cha kwetu sisi tuliokaa hapa," mzee akamalizia.

Kosa hilo nusu ni langu. Nilifundisha kuwinda "nita-" nikasahau kwamba ahadi inaweza kujificha kwenye "watapata", "patakuwa", "litajengwa", vitenzi ambavyo mtendaji wake haonekani. Kipimo nilichopaswa kumpa ni kile cha mzee: kila ahadi iulizwe inatoka mkononi mwa nani. Na hatari ya ahadi ya ardhi haiishii uwanjani. Ekari zilizogawiwa kwa uamuzi wa halmashauri peke yake, bila muhtasari wa mkutano mkuu kuonyesha kibali, ni ugawaji wenye kasoro. Miaka baadaye mgogoro ukifika barazani, kijana aliyekwisha kupanda miembe ndiye anayeumia.

Mgombea aliinama akaandika. Nilitegemea angejitetea, kwani ndivyo wagombea wengi hufanya, na kila neno la kujitetea hulitangaza kosa mara ya pili. Alilisoma swali la mzee kwa sauti kama alivyoliandika, akamwuliza kama amelipata sawasawa, akasema, "Hapo nimekosea, babu. Nafuta." Akachukua kalamu akafuta kweli, kwenye ile karatasi ya hesabu za mtoto.

Jumatatu alikuwa bombani kabla ndoo hazijapanga foleni. Alikuja na majibu ya maswali mawili kati ya matano yaliyobaki. Kuhusu matatu alisema wazi kwamba mtendaji hakupatikana.

Alishinda. Kura za kijiji husukumwa na mambo mengi, chama kikiwa cha kwanza, kwa hiyo sitadai kuwa hotuba ndiyo iliyomwingiza. Ninachoweza kukipima ni kilichofuata. Wajumbe hupangwa kwenye kamati, na yeye aliomba Fedha na Mipango, wakamweka Huduma za Jamii. Lilikuwa pigo kidogo, ingawa taarifa ya fedha hupita pia kwenye kikao kizima cha halmashauri, ambacho hukaa kila mwezi.

Kwenye kikao chake cha kwanza alisubiri mpaka "mengineyo" ndipo akauliza habari za choo. Mwenyekiti akatazama saa, akasema jua limezama, jambo likaahirishwa. Kila mtendaji anajua kwamba mengineyo ndiko maswali yanakokwenda kulala. Alikuja kwangu amenuna. Nikamwambia ajenda huandaliwa na katibu kabla ya barua za mwaliko kutoka. Ampelekee ombi kwa maandishi, nakala abaki nayo, na aombe igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mwezi uliofuata barua ya mwaliko ilifika kibandani kwake na kijana wa bodaboda, imekunjwa mara nne. "Taarifa ya michango ya choo cha shule" ilikuwa ajenda namba 4, kabla ya ulinzi shirikishi. Alijifuta mafuta ya vitumbua mkononi kwanza, ndipo akaifungua.